Jibu Linakaa Wapi? Kukipima Kikokotoo kwa Hesabu za Kichwa katika Maduka ya Kariakoo



Niliambiwa nina saa moja, na mwenyekiti amenikumbusha kwa upole kwamba wengi wenu mnarudi Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto, na foleni ya jioni haimsubiri msemaji. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Nimekuja na jambo moja tu. Nataka tuone namna ya kutambua, kabla hujaandika risiti, kwamba jibu lililo kwenye kioo cha kikokotoo si jibu la hesabu uliyokusudia. Tutafanya hivyo kwa njia ya zamani: kuzibadilisha namba ziwe nyepesi, kuzizidisha au kuzigawanya kichwani, kisha kulinganisha. Na nikisema kikokotoo, naomba wastaafu wenzangu wasishtuke. Tangu mwaka 2018 neno hilo limekuwa na uchungu wake hapa nchini kwa sababu ya mafao. Leo nazungumzia kile chenye vitufe, kinachokaa mezani kando ya daftari la oda.

Mimi nimetunza hesabu za maduka ya Kariakoo zaidi ya miaka thelathini, mengi yakiwa ya nguo, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi upande wa Msimbazi. Niliyonayo nimeyapata kwa kukosea. Basi niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, mwezi wangu wa pili dukani. Alikuja mama mmoja, mteja wa jumla kutoka Zambia, akachukua vitu vya aina tatu: doti 38 za vitenge kwa 11,750/= kila doti, majora 6 ya kitambaa kwa 84,000/= kila jora, na mitandio 45 kwa 6,500/= kila mmoja. Nikakaa na mashine. Kila mstari nauzidisha, naubonyezea M+ uingie kwenye kumbukumbu, kisha mwisho naita jumla yote. Ikatoka 796,946.5. Nikaiandika 796,950/= na nikajisikia nimefanya kazi safi, maana hata senti nilikuwa nimeziweka sawa.

Mzee mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anakunywa kahawa. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, akakifunika kioo cha mashine kwa kiganja chake, akaniuliza: "Kabla ya hicho, niambie. Pesa ya huyu mama inakaa wapi?"

Sikumwelewa. Akasema, "Vitenge, kama arobaini kwa elfu kumi na mbili?" Nikahesabu: laki nne na themanini. "Majora?" Laki tano na kidogo. "Mitandio?" Laki tatu hivi. "Sasa laki nne, tano na tatu, unapataje laki nane?"

Mwenye kosa alikuwa kidole changu. Bei ya vitenge ilikuwa imeandikwa 11,750, na mimi mgeni wa mashine nilipoifikia ile alama ya katikati nilitafuta kitufe chenye alama inayofanana nayo, nikabonyeza nukta. Mashine ikasoma kumi na moja nukta saba tano. Mara 38 ikatoa 446.5, na kwa haraka niliyokuwa nayo macho yangu yakaona 446,500. Kiasi hicho cha 446.5 ndicho kilichoingia kwenye kumbukumbu. Jumla sahihi ilikuwa 1,243,000/=. Tungempa yule mama punguzo la zaidi ya laki nne bila yeye kuomba.

Angalieni vitu viwili katika kisa hicho, maana hoja zangu zote zinatoka humo. Kwanza, ile nusu shilingi ilikuwa inapiga kelele. Bei zote tatu ni za shilingi kamili, idadi zote ni kamili, sasa nusu shilingi inatoka wapi? Nilipoizungusha iwe 950 nilikuwa nafuta ushahidi. Pili, mzee aliniuliza mahali jibu linapokaa kabla hajaliangalia.

Hoja ya kwanza: kadirio litangulie, na liwe na dari na sakafu

Sisi tuliosoma shule za msingi za zamani tulikuwa na kipindi cha hesabu za kichwa. Mwalimu anataja, wewe unaandika jibu tu. Tulipofika sekondari tukakuta vile vitabu vya majedwali ya namba, na wengi wenu mnakumbuka kwamba mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne uliruhusu majedwali na kukataza kikokotoo. Ukitumia logarithimu, jedwali linakupa tarakimu tu. Halikuambii kama jibu ni 44.65 au 446,500. Ukubwa wa jibu ulikuwa ukiutafuta mwenyewe. Kikokotoo kilipokuja kikatupa tarakimu na ukubwa kwa pamoja, nasi tukaacha kuutafuta.

Mzee wangu alikuwa akiutafuta kwa maneno ya kawaida: elfu, laki, milioni. Hiyo ni ngazi nzuri ya kupandia. Kumi mara elfu kumi ni laki. Mia mara elfu ni laki vilevile. Elfu mara elfu ni milioni. Mwenye kuzishika hizo tatu hababaishwi na sifuri.

Tuuchukue mstari wa vitenge, 38 mara 11,750. Zipandishe zote mbili: 40 mara 12,000. Nne mara kumi na mbili ni arobaini na nane. Kumi mara elfu ni elfu kumi. Arobaini na nane mara elfu kumi ni laki nne na themanini. Hiyo naiita dari, kwa sababu namba zote mbili umezipandisha, na jibu la kweli haliwezi kuivuka. Kisha zishushe zote mbili: 30 mara 11,000, ni laki tatu na thelathini. Hiyo ni sakafu. Sasa washa mashine. Ikikupa 446,500, imo ndani ya chumba. Ikikupa 66,500, ujue iko chini ya sakafu. Na hiyo ndiyo itakayotoka ukiruka tarakimu ya kwanza ya 11,750 ukaandika 1,750. Ikikupa 4,465,000, imetoboa dari, na mara nyingi utakuta kidole kilidonoa kile kitufe cha sifuri mbili badala ya sifuri moja.

Kwa nini nasisitiza kadirio litangulie? Kwa sababu ukishaliona jibu, kadirio lako linalifuata kama mbuzi anavyofuata kamba. Nimewajaribu vijana wangu mara nyingi. Mpe mtu jibu lenye kosa kisha umwambie akadirie. Utamwona anapandisha hapa na kushusha pale mpaka afike alipokwisha kuonyeshwa. Ndiyo maana mzee alikifunika kioo kwa kiganja.

Kuna mtego mmoja mdogo niuseme hapa. Mashine nyingi za bei nafuu zina nafasi ya tarakimu nane. Tarakimu nane zinaishia 99,999,999. Mwaka 1966, tulipopata shilingi yetu wenyewe, noti kubwa ilikuwa ya shilingi mia. Leo ni ya elfu kumi, na mzigo wa kontena moja unaweza kupita milioni mia. Pisi 2,400 kwa 52,000/= ni 124,800,000, na mashine ya tarakimu nane haina mahali pa kuiweka. Itaonyesha herufi E na 1.248. Kijana asiye na kadirio anaweza kufikiri mashine imeharibika, au mbaya zaidi, akafuta ile E akaendelea na 1.248 kama namba halali. Mwenye kadirio anajua: elfu mbili na kitu mara elfu hamsini ni milioni mia na kitu. Basi 1.248 ile ni ya milioni mia. Ndiyo sababu maduka ya jumla yananunua zile mashine pana za tarakimu kumi na mbili.

Hoja ya pili: ujue umekosea upande gani

Hapa ndipo moyo wa mhadhara wangu ulipo, naomba mnivumilie nikikaa kidogo.

Shuleni tulifundishwa kukadiria kwa makumi ya karibu au maelfu ya karibu: tano na zaidi panda, chini ya tano shuka. Kanuni hiyo ni nzuri kwa namba moja. Kwa namba mbili zinazozidishwa inaweza kukupeleka mbali. Chukua mitandio 45 kwa 6,500/=. Kwa kanuni ya shule, 45 inakuwa 50, na 6,500 inakuwa 7,000. Hamsini mara elfu saba ni laki tatu na nusu. Jibu la kweli ni 292,500. Umepita kwa asilimia ishirini hivi, na mtu aliyekadiria hivyo akiliona jibu la kweli ataanza kulishuku bila sababu.

Kilichotokea ni hiki. Ulipoitoa 45 ukaifanya 50, uliiongeza kwa asilimia 11. Ulipoitoa 6,500 ukaifanya 7,000, uliiongeza kwa karibu asilimia 8. Katika kuzidisha, nyongeza hizo zinabebana mgongoni. Dawa ni kupandisha moja na kushusha nyingine. Ipandishe 45 iwe 50, ishushe 6,500 iwe 6,000. Hamsini mara elfu sita ni laki tatu kamili. Ile asilimia 11 ya kupanda imeliwa na ile 8 ya kushuka, na kilichobaki ni asilimia 3 hivi. Laki tatu na 292,500 ni majirani wa ukuta mmoja.

Kwenye kugawanya mambo yanageuka. Tuseme umenunua mzigo, ukajumlisha bei, usafiri na wapakuzi, ukapata 1,472,500/=, na pisi ni 62. Unataka kujua kila pisi imekugharimu kiasi gani ili ujue uanzie wapi kupatana na mteja. Ukiipandisha namba ya juu, jibu linapanda. Lakini ukimpandisha mgawanyaji, jibu linashuka, maana unawagawia watu wengi zaidi mkate uleule. Kwa hiyo ukitaka kadirio la karibu, zipeleke zote mbili upande mmoja. Na ukitaka dari, zipeleke pande tofauti: pandisha mzigo uwe milioni moja na nusu, shusha pisi ziwe 60. Milioni moja na nusu kwa 60 ni elfu ishirini na tano. Gharama yako kwa pisi haifiki hapo. Sakafu: milioni moja na laki nne kwa 70, ni elfu ishirini. Sasa mashine ikisema 23,750, sawa. Ikisema 2,375, umeacha sifuri au tarakimu moja ulipoandika mzigo. Muuzaji anayeamini 2,375 atauza kwa elfu tatu akijiona ana faida.

Katika kugawanya, usijitese kwa kufuata makumi ya karibu. Tafuta namba zinazopatana. Mzigo wa 1,930,000/= kwa pisi 68: ukifanya milioni moja na laki tisa kwa 70 utakwama, saba haiingii kumi na tisa vizuri. Ipeleke juu hadi milioni mbili na laki moja, kwa sababu saba inaingia ishirini na moja mara tatu bila kubaki. Kwa 70, inatoka elfu thelathini. Umeupandisha mzigo kwa asilimia 9 hivi na pisi kwa 3. Kwa hiyo unajua umezidisha kwa karibu 6, na jibu lazima liwe chini ya elfu thelathini kwa kiasi kidogo. Mashine inatoa 28,382 na vipande. Kiasi hicho kidogo umekitabiri mwenyewe kabla ya kukiona.

Kuna mama ameniuliza kabla hatujaanza, habari ya vipimo vilivyo chini ya moja. Yeye anauza viungo, na ni swali la watu wa Shimoni kule sokoni. Kanuni ni ileile, ila geuza vipande kuwa maneno. Gramu 350 za iliki ni 0.35 ya kilo. Hiyo ni theluthi na kitu. Kama kilo ni 62,000/=, theluthi ya elfu sitini ni elfu ishirini. Jibu ni 21,700. Ukiona 217,000 umeandika 3.5. Na kumbuka, ukizidisha kwa namba iliyo chini ya moja, jibu lazima lipungue. Likiongezeka, rudi nyuma.

Hoja ya tatu: kitufe cha asilimia

Sasa nawaletea kisa ambacho kadirio la ovyoovyo lisingekinasa.

Duka moja nililolitunzia hesabu lilikuwa linawapa wateja wa ofisi makadirio ya bei yaliyoandikwa kwa mkono, bei kabla ya kodi kisha na Vati ya asilimia 18. Mteja akikubali, risiti inatoka kwenye mashine ya EFD, zile zilizoanza kutumika mwaka 2010. Siku moja mteja akarudi amekasirika: karatasi ya mkono inasema 304,878/=, risiti ya EFD inasema 295,000/=, yeye alishaomba fedha ofisini kwake kwa kiasi cha kwanza. Bei kabla ya kodi ilikuwa 250,000/=. Kijana aliapa kwamba alibonyeza sawasawa: 250,000, jumlisha, 18, asilimia. Akarudia mbele yetu. Ikatoka 304,878 ileile.

Na kweli alibonyeza sawasawa. Baadhi ya vikokotoo vya mezani vimetengenezwa kwa namna ambayo, ukibonyeza jumlisha kisha asilimia, haviongezi asilimia 18 juu ya bei. Vinatafuta bei ya kuuzia ambayo faida yake ni asilimia 18 ya bei hiyo ya kuuzia. Yaani vinauliza: ni namba gani ambayo ukiiondolea asilimia 18 yake inabaki 250,000? Asilimia 82 ya 304,878 ni 250,000. Kwa mtu anayepanga faida, hilo ni jibu halali. Kwa Vati ni kosa. Simu nyingi, ukifanya vilevile, zitakupa 295,000. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana dukani, mmoja na simu, mwingine na mashine, na kila mmoja ana jibu mkononi.

Tujipime sasa. Mtu anayesema "ni kama laki tatu hivi" akiona 304,878 atatikisa kichwa kukubali. Tofauti kati yake na jibu la kweli ni shilingi 9,878, haifiki asilimia 4. Lakini mwenye dari anakataa. Anasema: 18 ni chini ya 20. Asilimia 20 ni sehemu moja ya tano. Moja ya tano ya laki mbili na nusu ni elfu hamsini. Nikijumlisha napata laki tatu, na hiyo ni dari kwa sababu nimeipandisha kodi. Jibu haliwezi kupita laki tatu. Mashine imepita, kwa hiyo imefanya jambo jingine ambalo sikuliagiza.

Mnaona tofauti? Wote wawili walifanya kadirio lilelile la laki tatu. Yule wa pili alijua kadirio lake liko upande gani wa ukweli, na hapo ndipo kosa dogo kama lile liliponaswa.

Kesho mkifungua duka, ijaribuni mashine yenu kwa namba ndogo: 100, jumlisha, 20, asilimia. Ikitoa 120, inaongeza juu ya bei. Ikitoa 125, ni ya ile aina nyingine. Kwa vyovyote vile, njia isiyo na utata kwa asilimia 18 ni kuzidisha kwa 1.18, na itakupa jibu moja kwenye mashine zote.

Ndugu wa kitufe hicho ni ule mpangilio wa kujumlisha na kuzidisha kwa mfululizo. Mashine ya mezani ya kawaida hufanya kazi kwa kufuata ulivyobonyeza. Ukianza na usafiri 5,000, jumlisha 12, mara 8,500, itachukua 5,012 na kuizidisha: milioni arobaini na mbili, laki sita na elfu mbili. Simu au kikokotoo cha wanafunzi wa sayansi kitazidisha kwanza na kukupa 107,000. Hili halihitaji maelezo marefu. Kumi mara elfu nane na nusu ni elfu themanini na tano. Milioni arobaini imetoka wapi?

Hoja ya nne: mahali ambapo njia hii haioni

Nisiwauzie dawa ya magonjwa yote.

Kadirio haliwezi kunasa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi katikati ya namba. Andika 11,570 badala ya 11,750, zidisha kwa 38, utapata 439,660. Iko chini ya dari, iko juu ya sakafu, inapendeza. Umepoteza shilingi 6,840 na kadirio limenyamaza. Hapo tazama mkia wa jibu. Chukua tarakimu mbili za mwisho za bei, 50, uzidishe na 38: ni 1,900, mkia wake 00. Kwa hiyo jibu lolote la 38 mara 11,750 lazima liishie na sifuri mbili. Jibu linaloishia na 60 limetoka kwenye namba nyingine. Kichwa cha jibu kinalindwa na kadirio, mkia unalindwa na tarakimu za mwisho, na tumbo la katikati, nakiri, linabaki wazi. Kwa mizigo mikubwa nawashauri mpige hesabu mara ya pili mkianza na namba nyingine, 11,750 mara 38 badala ya 38 mara 11,750, maana kidole kina mazoea na kikirudia njia ileile kinaweza kurudia kosa lilelile.

Halafu kuna namba zinazoanza na moja. Hizo ni korofi. Pisi 14 kwa 13,500/=: ukizishusha ziwe 10 na 10,000 unapata laki moja, wakati jibu ni 189,000. Kuishusha 14 iwe 10 ni kuipunguza zaidi ya robo, wakati 94 ikiwa 90 haijisikii chochote. Kwa hiyo namba ikianza na moja, iachie tarakimu ya pili. Fanya 15 mara 13,000, moja juu moja chini, utapata 195,000. Au uigawe: kumi mara 13,500 ni 135,000, nne zilizobaki ni 54,000, na hapo umepata jibu lenyewe kabisa, mashine ya nini tena?

La mwisho, ambalo limenigharimu kuliko yote niliyoyataja: kadirio linalinda safari kutoka karatasini hadi kwenye kioo. Halijui kama karatasi yenyewe ni ya kweli. Ukichukua bei ya wiki iliyopita kutoka orodha ya zamani, au ukahesabu doti wakati mteja anahesabu pisi, utapata dari nzuri, sakafu nzuri na jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kwa hilo hakuna njia ila kusoma bidhaa, kipimo na bei kwa sauti, wewe na mteja, kabla hujagusa kitufe.

Ndugu mwenyekiti, naona unaangalia saa.

Nina pendekezo moja kwa wenye maduka. Daftari za oda tunazonunua huko mitaani zina safu za bidhaa, idadi, bei na jumla. Kabla ya safu ya jumla, pigeni mstari kwa rula mpate safu nyembamba ya ziada. Humo kijana aandike dari tu, kwa ufupi wa dukani: "480", maana yake laki nne na themanini, na aiandike kabla mashine haijawashwa. Kijana mpya atalalamika siku za kwanza. Mwangalieni baada ya mwezi.

Kikao kijacho, nikialikwa, nataka tushughulike na wateja wetu wa Zambia, Malawi na Kongo, ambako mambo yanakuwa matamu zaidi: bei iko kwa shilingi, mfukoni mna dola au kwacha, na kiwango cha kubadilishia kinapanda na kushuka. Tutaona jinsi kuzidisha kwa elfu mbili na mia tano kunavyogeuka kuwa kugawanya kwa nne, na kwa nini dari ya mnunuzi ni sakafu ya muuzaji.

Kabla hamjaondoka, zipo karatasi mlizopewa mlangoni. Nyuma yake naomba kila mmoja aandike dari na sakafu ya hesabu hii: mashuka 27 kwa 18,400/=. Andikeni kwanza, halafu tutapiga mashine kwa pamoja.

Kijana wa shati la bluu pale nyuma, nimekuona. Irudishe simu mfukoni kwanza, baba.